Wasambazaji wawili wa unga: nani anakujazia stoo bila sababu?

Chukua duka la mikate linalotumia mifuko 40 ya unga wa ngano kwa siku, ikipanda au kushuka kwa mifuko 6 hivi. Msambazaji A yupo karibu na huleta mzigo kwa wastani wa siku 6. B yupo mbali, huchukua siku 9. Wengi wangemkumbatia A. Kwanza tupige hesabu.

1. Fukua oda 20 za mwisho za kila mmoja. Andika tarehe ya oda, tarehe aliyoahidi mara ya kwanza, siku mzigo ulipotimia, na mifuko iliyokataliwa. Ahadi ya kwanza ndiyo inayohesabiwa. Ukikubali ile aliyoisogeza kwa simu, kila mtu ataonekana mwaminifu. Mzigo ulioletwa nusu nusu umefika siku mfuko wa mwisho ulipoingia, na mfuko wenye unyevu haujafika.

2. Toa alama. Oda zilizotimia kwa wakati, gawanya kwa zote. A ana 13 kati ya 20, yaani 65%. B ana 18, yaani 90%. Alama hii inakuonyesha wa kumbana, lakini haikuambii uweke mifuko mingapi.

3. Pima kuyumba kwa siku. Siku za kusubiri, tangu oda hadi mzigo kutimia, zikiwa safu ya F kwenye Excel, andika:

```
=STDEV.S(F2:F21)
```

Tuseme A anapata 3, B anapata 1.

4. Kokotoa akiba ya tahadhari, yaani mifuko ya kukaa stoo ili usiishiwe mzigo ukichelewa au matumizi yakipanda. Seli B2 ni matumizi ya siku, B3 kuyumba kwa matumizi, B4 wastani wa siku za kusubiri, B5 kuyumba kwa siku hizo. Namba 1.65 inalenga usiishiwe katika oda 95 kati ya 100.

```
=1.65*SQRT(B4*B3^2+B2^2*B5^2)
```

Kwa A unapata mifuko 200, akiba ya siku tano nzima. Kwa B, 73 tu. Wa mbali anakudai akiba ndogo zaidi kwa sababu hayumbi. A akishusha kuyumba kutoka 3 hadi 2, akiba yake inashuka hadi 135. Mpelekee hesabu hiyo mnapozungumza bei.

5. Gawa oda. Mpe B mifuko 120, kisha A 40, kwa zamu. A akichelewa, pengo ni mifuko 40, na akiba ya 73 inaliziba mradi gari la B linalofuata lifike kwa wakati. Usimweke A benchi kabisa: ukimkumbuka siku ya dharura tu, wateja wake wa kila wiki watapakiwa kwanza.

Linganisha pia tarehe za kuchelewa. Ngano nyingi ya Afrika Mashariki huagizwa nje. Kama A na B huchelewa wiki zile zile, huenda wanasubiri meli moja bandarini, na kwa hatari hiyo una msambazaji mmoja. Hapo usipunguze akiba. Tafuta wa tatu anayepata ngano kwa njia nyingine.