Jinsi ya kumtambulisha msemaji mkuu aliyewahi kuupinga umoja wenu hadharani

Umoja wa wapanda miti ukimwalika mtu aliyewahi kuukosoa redioni, wanachama hawajasahau. Wakiliona jina lake kwenye ratiba wanaanza kuulizana: amenunuliwa, au amekuja kutusema tena? Anayeshika kipaza sauti kumtambulisha ana dakika mbili za kuliondoa swali hilo ili watu wasikilize mada. Akilikwepa, watakaa wakisubiri ugomvi. Akilishika vibaya, ugomvi ataanzisha yeye.

Tuutumie mfano mmoja wa kutunga tangu mwanzo hadi mwisho. Umoja wa wapanda miti Mufindi unafanya mkutano mkuu wa mwaka Mafinga. Msemaji mkuu ni afisa misitu mstaafu, hapa tumwite Mzee Fulani. Mwaka 2019 alisema redioni kwamba miche ya milingoti iliyogawiwa na umoja inapandwa mabondeni, na kwamba wenye vinyungu, zile bustani za kiangazi za mabondeni, wanapungukiwa maji. Umoja ukajibu kwa barua. Sasa umoja huohuo umemwomba azungumzie miti na vyanzo vya maji.

Hatua ya kwanza: tafuta alichosema hasa

Usiandike hata mstari mmoja kwa kumbukumbu za watu. Baada ya miaka michache maneno ya mkosoaji huwa yameongezewa chumvi na pande zote mbili. Tafuta vitu viwili: maneno yake mwenyewe (rekodi ya kipindi, au muhtasari wa mkutano kama alisema mkutanoni) na jibu la umoja kama lilivyoandikwa. Visome pamoja.

Katika mfano wetu, rekodi inaonyesha Mzee alisema maji "yamepungua". Barua ya umoja inakanusha kwamba milingoti "imekausha" mabonde. Hayo si maneno mamoja. Umoja ulijibu hoja ambayo hakuitoa, na mtambulishaji akisimama na kusema "alituambia tumekausha mabonde" atakuwa amemsingizia mgeni mbele ya ukumbi kabla hajafungua mdomo. Angalia pia alimsema nani. Kuukosoa uongozi wa wakati ule ni tofauti na kuukosoa umoja mzima, na wanachama wanaijua tofauti hiyo.

Kama rekodi haipatikani na muhtasari haupo, muulize mwenyewe alisema nini, uandike kama anavyokueleza.

Hatua ya pili: amueni nani atasimama

Mshereheshaji asipewe kazi hii. Kazi yake ni kuchangamsha ukumbi, na utani mmoja tu wa "leo mzee amerudi kundini" unaharibu kila kitu. Aliyeisaini ile barua naye akae pembeni, kwa sababu hata akisema maneno mazuri kiasi gani, watu watakuwa wanamtazama usoni badala ya kumsikiliza. Rafiki wa karibu wa Mzee naye hafai: ataonekana anamtetea.

Anayefaa zaidi ni mwenyekiti wa sasa, ikiwa hakuhusika na barua. Sababu ni kwamba neno la heshima linatakiwa litoke kwenye kiti kilichokosolewa. Likitoka kwa mjumbe wa kawaida, wanachama watalichukua kama maoni yake binafsi.

Hatua ya tatu: andika sentensi mbili za tofauti yenu

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiharakishe. Sentensi ya kwanza inasema alichosema yeye. Ya pili inasema umoja ulijibu nini. Basi. Hakuna ya tatu inayosema nani alikuwa sahihi.

Kipimo ni hiki: Mzee akiisikia ya kwanza aseme "ndivyo nilivyosema", na aliyeisaini barua akiisikia ya pili aseme hivyohivyo. Mmoja wao akisema "ndiyo, lakini", irudie.

Kwa mfano wetu inakuwa hivi: "Mwaka 2019 Mzee Fulani alisema redioni kwamba miche ya milingoti tuliyogawa inapandwa mabondeni na maji ya vinyungu yamepungua. Umoja ulijibu kwa barua kwamba uligawa miche, na kwamba mahali pa kupanda palichaguliwa na mkulima mwenyewe."

Yapo maneno ya kuyaepuka, na kila moja lina sababu yake. "Licha ya kwamba alitupinga" linafanya kupinga kuwe kosa ambalo mmemvumilia. "Tumeshayamaliza" linadai kuna mapatano, na kama hayapo, Mzee atalazimika ama kukubali uongo ama kuwakanusha jukwaani. "Mkosoaji wetu maarufu" linamgeuza mtu aliyefanya kazi ya misitu maisha yake yote kuwa tukio moja la redio. Na "alitufumbua macho", ingawa linasikika kama sifa, linatoa hukumu kwamba umoja ulikosea, jambo ambalo mkutano haujaamua. Ukitaka kusema hivyo, lipitishwe kwanza kwenye kikao cha bodi.

Kishawishi kingine ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji kama mito na maziwa. Mtambulishaji akiitaja, ukumbi utasikia hukumu kwa upande mmoja. Mwachieni Mzee, ndiyo mada yake.

Hatua ya nne: msomee mwenyewe kabla ya siku

Wiki moja kabla inatosha. Usimtumie kwa ujumbe wa simu tu, mpigie, na usome neno kwa neno:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwenyekiti, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mzee, kwenye utambulisho kuna sentensi mbili zinazogusa yale ya redioni. Naomba nikusomee, uniambie kama nimekutendea haki."

Akishasikia, mwache anyamaze kwanza. Anaweza kusema: "Ni sawa. Ila ongeza kwamba nilikuwa nimeshastaafu. Watu walidhani nimetumwa na ofisi." Hilo ni dogo, na kwake lina uzito. Ongeza neno "akiwa mstaafu", na sentensi haijaharibika.

Akisema hataki jambo hilo litajwe kabisa, tazama mada yake. Kama anakuja kuzungumzia bei ya mbao, liache. Kama mada ni ileile iliyowatofautisha, mweleze kwa upole kwamba wanachama wataliuliza hata hivyo, umpe nafasi alitaje yeye mwenyewe mwanzoni mwa hotuba. Wewe kata sentensi zako mbili. Msichokubaliana, usikiseme kwa kumshtukiza.

Siku hiyohiyo msomee pia aliyeisaini barua. Asipoambiwa mapema, ndiye atakayenyoosha mkono katikati ya mkutano "kuweka mambo sawa".

Hatua ya tano: panga utambulisho mzima

Tofauti yenu ikae katikati. Ukianza nayo, inakuwa ndiyo habari ya siku. Ukimalizia nayo, Mzee anapanda jukwaani ikiwa bado inalia masikioni mwa watu. Anza na kazi yake, pita kwenye tofauti, kisha sema kwa nini mmemwita. Hiyo "kwa nini" iwe ya kweli na inayoonekana, si "kwa sababu tunapenda maoni tofauti".

Hivi ndivyo inavyosomeka kamili:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wajumbe, itifaki imezingatiwa. Msemaji wetu mkuu leo ni Mzee Fulani. Amefanya kazi ya misitu katika wilaya yetu mpaka alipostaafu, na wengi hapa miche yenu ya kwanza ya misindano mliiotesha kwa maelekezo yake. Mwaka 2019, akiwa mstaafu, alisema redioni kwamba miche ya milingoti tuliyogawa inapandwa mabondeni na maji ya vinyungu yamepungua. Umoja ulijibu kwa barua kwamba uligawa miche, na kwamba mahali pa kupanda palichaguliwa na mkulima mwenyewe. Mwaka huu bodi inaandaa utaratibu mpya wa kugawa miche, na kabla hatujauandika tumemwomba atueleze mti gani unafaa wapi. Ataongea dakika arobaini, kisha kutakuwa na maswali. Mzee wetu, karibu sana."

Lisome kwa sauti huku simu ikipima muda. Likizidi dakika mbili, punguza kwenye sifa, usiguse zile sentensi mbili, kwa sababu zimeshakubaliwa na pande zote. Sifa nyingi kuliko kawaida zina ubaya wake: watu wanajua mnambembeleza. Mpe sifa zilezile ambazo mngempa msemaji ambaye hamjawahi kutofautiana naye.

Kama mgeni rasmi ni Mkuu wa Wilaya au kiongozi mwingine wa serikali, ofisi yake ipewe nakala mapema, maana suala la vyanzo vya maji linaigusa. Asilisikie kwa mara ya kwanza akiwa meza kuu.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Soma kwenye karatasi, hasa pale katikati. Anayejiamini na kusema kwa kichwa ndiye anayeteleza kutoka "yamepungua" kwenda "yamekauka". Zile sentensi mbili zisome kwa sauti na mwendo uleule uliotumia kusoma kazi yake. Ukipunguza sauti, au ukimtupia Mzee jicho, ukumbi utacheka au utaguna. Wakiguna, usijibu wala usieleze. Endelea na sentensi inayofuata, yaani ile ya bodi na miche, ambayo ndiyo inayowapa kitu kipya cha kufikiria.

Mpe kipaza sauti mkononi, kisha ukae. Usisimame karibu naye kama mlinzi.

Akirudia ukosoaji wake, hata kwa ukali kuliko mwaka 2019, acha amalize. Mlimwita aseme. Wenye jibu watalitoa wakati wa maswali, na mwongoza maswali aanze na mwanachama mwenye kinyungu kabla ya mjumbe wa bodi.

Mahali ambapo kazi nzuri huharibika mwishoni ni kwenye neno la shukrani. Mara nyingi hupewa mtu papo hapo, na mtu huyo, akitaka kuutetea umoja, anasema "tumemsikia mzee, ingawa ukweli ni kwamba…" Mteue mtu huyo mapema na umpe mipaka: ataje jambo moja alilojifunza kwenye hotuba, aseme litapelekwa wapi, ashukuru, akae. Kwa mfano: "Mzee umetuonyesha miti inayoweza kupandwa karibu na bonde bila kudhuru kinyungu. Bodi italijadili kwenye kikao kijacho. Tunashukuru sana."

Katibu naye, kwenye muhtasari, aandike hotuba kwa maneno ya msemaji na asiongeze "licha ya msimamo wake wa awali". Kabla muhtasari haujathibitishwa, sehemu hiyo apelekewe Mzee aipitie.