Hakiki risiti ya EFD ukiwa bado kaunta

Fundi mmoja wa gereji pale Mwanjelwa, ambaye namtunzia vitabu, aliniletea risiti ya kompresa. Mota imeungua, waranti ya mwaka mmoja haijaisha, muuzaji anaruka. Risiti yenyewe ilikuwa halali. Tatizo, ilisomeka "BIDHAA" tu, tena shilingi 590,000, na fundi alilipa 1,180,000.

Hatua ya kwanza inakuja kabla mashine haijachapa. Mtajie muuzaji TIN yako, na kama umesajiliwa VAT, VRN pia. Risiti ikishatoka haiongezewi maandishi. Mwombe aandike jina la kifaa na modeli. Mashine nyingi zimewekewa neno moja kwa kila kitu, kwa hiyo akikwama, namba ya kifaa aiandike kwenye kadi ya waranti pamoja na namba ya risiti, kisha agonge muhuri.

Ya pili, piga skani ile alama ya QR. Ikigoma, fungua verify.tra.go.tz, ingiza herufi na namba zilizo chini ya RECEIPT VERIFICATION CODE, halafu muda wa risiti: saa, dakika na sekunde.

Hapa ndipo wengi wanakosea: ukurasa ukifunguka wanaridhika. Soma kwanza anwani iliyo juu, maana alama ya QR inaweza kukupeleka popote. Kisha linganisha jina la muuzaji, tarehe na jumla na pesa uliyotoa mfukoni. Fundi wetu angeiona ile 590,000 hapo hapo.

Risiti isipoonekana, usigombane bado. Angalia kama umechanganya herufi O na sifuri. Mtandao ukikatika, mashine huhifadhi risiti na kuituma baadaye, basi jaribu tena jioni. Kesho yake ikiwa bado haipo, rudi dukani.

Sasa VAT. Kwa asilimia 18, gawanya jumla kwa 1.18: 1,180,000 inakupa bei ya 1,000,000 na kodi 180,000. Kwa 590,000, kodi ni 90,000 tu, na hiyo tu ndiyo unayoweza kudai. Anayedai ni mnunuzi aliyesajiliwa VAT, kwa manunuzi ya biashara yake. Ukinunua redio ya sebuleni, hurudishiwi kitu. Mahali pa VRN ya muuzaji pakiandikwa NOT REGISTERED, hapo hakuna VAT ya kudai, ingawa risiti ni halali na kwa waranti inatosha.

Mwisho, toa fotokopi siku hiyo hiyo. Karatasi ile hufifia kwa joto, na ukiiacha kwenye dashibodi ya gari inabaki nyeupe.

Fundi alibadilishiwa mota baada ya kuonyesha ujumbe wa malipo ya simu wa 1,180,000. Ile 90,000 nyingine ya VAT sikuweza kuidai.