Karuseli inayosomeka kwenye simu ndogo: slaidi sita za mahindi ya Arua

Karuseli yangu ya kwanza, yaani chapisho la slaidi za kutelezesha, ilikifundisha kikundi cha wakulima wa mahindi hapa Arua kupima kama mahindi yamekauka kabla ya kuyahifadhi, na ilipendeza sana kwenye kompyuta. Nilipomwonyesha mama mmoja wa kikundi kwenye simu yake, aliisogeza mbali, akaileta karibu, kisha akanirudishia: "Mwanangu, maneno haya ni kama mchanga." Tena alikuwa ameona slaidi moja tu, maana ya pili ilikuwa bado inazunguka bila kufunguka. Hivi ndivyo nilivyoitengeneza upya.

Hatua ya 1: Gawanya kwa tatu

Fungua ukurasa wa pikseli 1080 kwa 1350. Umbo hilo la kusimama linajaza sehemu kubwa ya kioo kuliko mraba. Simu nyingi za bei nafuu huhesabu upana wa kioo chake kama vipimo 360 hivi, kwa hiyo kila ulichoandika kitaonekana kwa theluthi yake. Maneno yangu yalikuwa ya ukubwa wa 28, yaani 9 tu mkononi mwa yule mama. Sasa sishuki chini ya 48 kwa maelezo, na kichwa hukipa 100 au zaidi.

Ukikuza herufi, Kiswahili chetu kinakudai jambo jingine: maneno ni marefu. Kwa ukubwa wa 110, na nafasi ya pikseli 90 kila upande, mstari unabeba herufi kama 15. "Watakapoyahifadhi" ina 17, kwa hiyo itakatika katikati. Usipunguze herufi, badilisha sentensi. Mimi niliandika "Kabla ya ghala", na kila mtu alielewa.

Hatua ya 2: Slaidi ya kwanza ibebe ujumbe wote

Mtandao ukiwa mzito, slaidi ya kwanza ndiyo pekee unayoweza kuitegemea. Awali yangu ilikuwa na nembo, picha ya shamba na maneno "Je, wajua?" Bando la mtu limeliwa na hajapata kitu. Na bando lenyewe si rahisi: tangu Julai 2021 data hapa Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12.

Nikaandika: "Tikisa mahindi na chumvi. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado mabichi." Asiyefungua zaidi ameondoka na kipimo. Slaidi nne zilizofuata zikabeba tendo moja moja: jaza theluthi ya chupa kavu kwa mahindi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, subiri dakika 15 uangalie. Ya sita ikasema la kufanya chumvi ikiganda: yarudishe juani. Kona ya juu kulia iache tupu, maana Instagram huweka hapo namba ya slaidi.

Hatua ya 3: Punguza uzito wakati wa kuchora

Wengi hapa hukimbilia kubana faili mwishoni. Lakini Instagram na WhatsApp huibana picha yako tena wenyewe, kwa kipimo chao. Unachoweza kuamua wewe ni kilichomo ndani. Rangi moja tulivu hubanika hadi karibu na sifuri. Picha ya majani ya mahindi, yenye maelfu ya vivuli, haibaniki vizuri, na ikilazimishwa, herufi zilizo juu yake huota ukungu kandokando.

Slaidi yangu ya zamani, picha nzima ya shamba iliyohifadhiwa kama PNG, ilikuwa MB 1.6. Nikaweka mandhari ya manjano hafifu na maneno karibu meusi, na picha moja tu ya chupa, iliyokatwa ikakaa theluthi ya chini. Ikashuka hadi KB 90. Slaidi za maneno matupu ziache PNG. Zenye picha zigeuze JPEG, kwa Squoosh kwenye kivinjari au kwa amri hii ya ImageMagick:

```
magick slaidi.png -resize 1080x -strip -quality 75 slaidi.jpg
```

Jihadhari na maneno mekundu juu ya kijani. JPEG kwa kawaida huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga na giza, kwa hiyo herufi zinazotofautiana na mandhari kwa rangi tu huchujuka. Geuza slaidi iwe nyeusi na nyeupe uitazame: kama maneno yamepotea, rangi hazifai.

Hatua ya 4: Jaribu nje, juani

Jitumie slaidi zote kwa WhatsApp bila kuchagua HD. Kwenye mipangilio ya simu, shusha mtandao hadi 3G, toka nje saa saba mchana, mwangaza uwe nusu, kisha mpe simu mtu ambaye hajaziona. Usimweleze kitu. Hesabu tu mara anazokuza picha kwa vidole viwili.

Yule mama alikuza mara moja, slaidi ya tano, pale nilipokuwa nimeandika "dakika 15" kwa kijivu. Nikaifanya nyeusi, nikampa tena.