Doa jeusi unyayoni: kulipima kwa umbo, ukingo, rangi na kukua, na lini kuwahi hospitali

Mimi ni tabibu katika zahanati moja upande wa Temeke. Mwezi wa nne jirani yangu alinitumia kwenye simu picha ya kisigino cha mama yake, mama wa miaka 58 anayeuza samaki pale Feri, akauliza: "Dokta, sugu hii inatibika kwa dawa gani?" Picha ilipigwa usiku kwa flashi, nikaona weusi tu. Jioni ileile nilikwenda kwao. "Shikamoo mama," nikamwambia, "hili doa lina muda gani?" Akajibu, "Marahaba mwanangu. Hilo si doa, ni sugu ya kusimama. Nalisugua kwa jiwe kila nikioga."

Naandika hatua nilizopita naye, kwa sababu ninayoyaona zahanati ni yaleyale: doa la unyayoni huitwa sugu, fangasi au damu iliyovia, na miezi inapita.

Vipimo hivi vya umbo, ukingo, rangi na ukubwa vilipangwa na madaktari wa New York mwaka 1985, na wagonjwa wao wengi walikuwa weupe, wenye madoa mgongoni na miguuni juu. Kwetu sisi weusi melanoma, yaani saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, hupenda zaidi unyayo, kiganja na chini ya ukucha. Jua halihusiki sana huko, kwa hiyo mtu asijifariji kwamba yeye hakai juani.

Hatua ya 1: Safisha, kaa dirishani

Osha mguu kwa sabuni, futa vumbi la kwenye mikunjo, kaa karibu na dirisha mchana. Kama kuna hina au piko, subiri itoke ndipo uangalie. Rangi ya kucha iondoe yote, ya mikono na ya miguu.

Hatua ya 2: Hakikisha si damu

Hapa ndipo nilipowahi kukosea, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwona kijana wa bodaboda mwenye weusi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Aliniambia aligonga jiwe. Niliandika "damu imevia", nikampa dawa ya maumivu. Alirudi baada ya miezi mitano, ukucha umepasuka na nyama imeota chini yake. Ilikuwa melanoma. Simulizi ya jiwe ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa chanzo cha weusi ule. Nani hapa Dar hajawahi kujikwaa? Ukimuuliza mtu, atakumbuka kisa cha kuliungia doa lake. Bob Marley naye alihusisha kidole chake na kuumia akicheza mpira. Mwaka 1977 ikagundulika ni melanoma chini ya ukucha, na mwaka 1981 ikamuua akiwa na miaka 36. Tangu siku ya yule kijana, kisa nakisikiliza, halafu napima.

Kwenye ukucha, damu husafiri. Ukucha wa mguu hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi, na damu iliyonasa chini yake husukumwa kwenda mbele pamoja nao. Chukua kalamu isiyofutika au kwaruza alama ndogo juu ya ukucha, pale weusi unapoanzia upande wa ngozi. Piga picha. Baada ya wiki nne hadi sita, kama ni damu, utaona ukucha safi umetokea nyuma ya weusi. Kama weusi bado umeshikana na ngozi ya shina la ukucha, hiyo si damu iliyovia mara moja. Na ukiona weusi umevuka ukucha na kupaka ngozi ya pembeni au ya shina, usisubiri wiki hata moja. Hiyo ni dalili nzito.

Jambo moja lisikutishe: watu weusi wengi wana michirizi ya kahawia kwenye kucha kadhaa, na huongezeka na umri. Michirizi myembamba inayofanana, kwenye vidole vingi, ni rangi yetu ya kawaida. Ninaloogopa ni mchirizi mmoja peke yake kwa mtu mzima, hasa wa kidole gumba, wenye upana wa milimita 3 au zaidi, au unaopanuka upande wa shina.

Kwenye unyayo, damu haisafiri, huchubuka. Iko kwenye ngozi ngumu ya juu, nayo hutoka yenyewe ngozi inapojibadili, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Mhudumu wa afya anaweza kulainisha mguu kwa maji ya vuguvugu dakika 10, kisha kukwangua kidogo sana ngozi iliyokufa. Damu hutoka kama vumbi jekundu-jeusi na chini yake kuna ngozi safi. Lakini tahadhari mbili. Kwanza, melanoma nayo huvuja damu, kwa hiyo kuona damu hakuifuti. Pili, rangi ya melanoma hupanda hadi kwenye ngozi ngumu, hivyo doa linaweza kufifia ukilikwangua na likarudi. Doa lililobaki kidogo halijapona. Liwe limeisha kabisa baada ya wiki nne, vinginevyo endelea na hatua zinazofuata.

Nyumbani usikwangue kwa wembe. Yule mama nilimwambia jiwe la kusugulia aliweke kando, kwa sababu alikuwa akijifutia ushahidi kila siku.

Hatua ya 3: Umbo na ukingo

Vuta mstari wa kufikirika katikati ya doa, kisha mwingine wa kuukata. Doa la kawaida, nusu hufanana na nusu. La mama huyu nusu moja ilikuwa ya mviringo, na nyingine imetoa ulimi kuelekea kwenye upinde wa unyayo.

Ukingo upitie kwa macho polepole, kama unayetembea ufukweni. Upande wa ndani ulikuwa umekatika vizuri. Upande wa nje rangi ilikuwa imesambaa kama wino uliomwagikia karatasi mbichi, huwezi kusema doa linaishia wapi. Daktari wa ngozi mwenye dermatoskopu, ile lenzi yenye taa, huenda mbali zaidi: anaangalia kama rangi imekaa ndani ya mifereji ya alama za unyayo, ambayo mara nyingi ni salama, au imekaa juu ya matuta yake, ambayo ni ya kutisha. Kwa macho matupu usijaribu kuamua hilo.

Hatua ya 4: Rangi

Hesabu rangi. Kahawia moja iliyo sawa haina neno. Kwa mama nilihesabu nyeusi, kahawia hafifu, kijivu cha kuelekea bluu, na katikati kijisehemu cheupe-pinki. Hicho cheupe ndicho kilichonisumbua zaidi, maana rangi inapopotea ndani ya doa, hudhaniwa linapona. Zipo melanoma zisizo na weusi kabisa, zinaonekana kama kidonda cha pinki kisichofunga.

Hatua ya 5: Kukua

Mtu akiniambia anataka kipimo kimoja tu, nampa hiki. Tumia rula ya plastiki ya mwanafunzi, yenye milimita. Wengi huweka sarafu pembeni ya doa. Mimi sipendi, sarafu husogea na haikupi namba. Weka rula iguse ngozi kando ya doa, piga picha kwa kamera ya nyuma, bila flashi, simu ikiwa sambamba na unyayo. Andika urefu na upana kwenye daftari pamoja na tarehe. Milimita 6 ndiyo alama ya tahadhari inayofundishwa. Kwenye unyayo wa mtu mzima, doa linalozidi milimita 7 mimi silisubiri hata kama limetulia.

La mama lilikuwa milimita 11 kwa 7. Binti yake akapekua simu, akapata picha ya mwezi wa kwanza, mama amenyoosha miguu mkekani siku ya harusi. Kisigino kinaonekana vizuri, doa dogo kama punje ya mbaazi. Hatukuhitaji kupima tena. Kama familia yako ina picha za zamani za miguu, za hina hasa, zitafute kabla ya kuanza kusubiri.

Doa dogo, la rangi moja, lenye ukingo safi, na wewe unayo mengine yanayofanana nalo miguuni, unaweza kulipiga picha tena baada ya wiki nne. Kusubiri kusizidi hapo bila kuonwa na mtu.

Lini kuwahi

Wiki hiyohiyo: doa limeinuka, ni gumu ukiligusa, na linakua kwa zaidi ya mwezi. Hata kama umbo lake ni duara zuri na rangi ni moja, kwa sababu aina hii hudanganya vipimo vyote vya juu. Vilevile doa linalotoa damu au kidonda bila kuumizwa, weusi uliovuka ukucha, au doa lenye mtoki kinenani upande uleule.

Ndani ya wiki mbili: doa lililobadilika umbo, ukingo au rangi, na "sugu" au "fangasi" ya unyayoni isiyopona baada ya miezi miwili ya dawa.

Kutouma kusikutulize. La mama halikuwahi kuuma.

Kwa mwenye ualbino usitumie orodha hii. Saratani zake nyingi za ngozi ni za aina nyingine na hutokana na jua. Kidonda chochote kisichofunga kwa mwezi kionwe kliniki ya ngozi.

Hatua ya 6: Rufaa na kinyama

Kwenye karatasi ya rufaa mwombe mhudumu aandike wazi "nashuku melanoma", ukubwa kwa milimita na tarehe ya mabadiliko. Nenda na picha zako zote mbili. "Kidonda mguuni" kitakuweka kwenye foleni ya vidonda.

Usikubali doa lichomwe kwa umeme au dawa ya kuunguza, popote. Litolewe lote likiwa na ukingo mdogo wa ngozi salama, au kama ni kubwa likatwe kipande pale palipo pabaya zaidi, kisha kinyama, yaani kilichokatwa, kiingie kwenye chupa yenye jina lako na formalini, dawa ya kukihifadhi, na kiende maabara. Uliza kabla ya kukatwa: kinapelekwa wapi, na majibu lini? Kinachoamua matibabu ni unene wa melanoma ndani ya ngozi, kwa milimita, na kilichochomwa hakipimiki tena.

Mama alionwa Muhimbili. Majibu yalikuja: melanoma, unene milimita 0.9, kinenani hakuna mtoki. Alikatwa tena kwa ukingo mpana na kisigino kikawekewa ngozi kutoka pajani. Bado hajarudi Feri. Kila jumapili binti yake hunitumia picha ya kisigino, rula ikiwa pembeni.