Kuchuja mawimbi bila kupoteza maji kujaa na kupwa: chujio rejeshi la daraja la kwanza, hatua kwa hatua

Mwongozo huu unahusu kihisi cha umbali kinachotumia mwangwi wa sauti, kilichofungwa kwenye nguzo ya gati katika ghuba ya Tanga, upande wa Raskazone, kikitazama maji chini yake na kusoma mara moja kila sekunde. Tunachotaka kukijua ni kimo cha maji yanapojaa na kupwa. Kihisi, hata hivyo, husoma pia kila wimbi linalopita, na siku ya upepo wa kusi grafu yake hujaa manyoya. Tuchukulie kwamba mawimbi hupita kila sekunde 6, yakiwa na sentimita 40 kutoka bondeni hadi kileleni, na kwamba wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita 3 katika mzunguko wa saa 12 na dakika 25.

Chujio tunalolihitaji lina mstari mmoja tu:

```c
y = y + a * (x - y);
```

Hapa `x` ni usomaji mpya, `y` ni tokeo la chujio, na `a` ni kizidishi kilicho kati ya 0 na 1. Kila usomaji mpya huivuta `y` sehemu ndogo ya tofauti iliyopo, na kwa kuwa `y` ya sasa imejengwa juu ya `y` iliyotangulia, usomaji wa zamani hauondoki mara moja, bali uzito wake huzidishwa kwa `1 - a` katika kila hatua hadi ukafifia. Ndiyo maana huitwa wastani wenye uzito unaofifia, na ndiyo maana mafundi wa mawimbi ya umeme huliona kuwa ni lile lile chujio la kizuizi kimoja na kapasita moja, lililoandikwa kwa tarakimu.

Hatua ya kwanza: chagua muda bainifu kabla ya kugusa `a`

Watu wengi huandika `a = 0.1`, wakatazama grafu, wakabadilisha, wakatazama tena. Sipendekezi njia hiyo, kwa sababu `a` peke yake haina maana mpaka ijulikane kihisi kinasoma kila baada ya muda gani. Kilicho na maana ni muda bainifu, tau, unaohesabiwa kwa sekunde: pembejeo ikiruka ghafla kutoka kimo kimoja hadi kingine, tau ni muda ambao tokeo hutumia kufikia asilimia 63.2 ya mruko huo.

Tau ina mpaka wa chini na mpaka wa juu. Mpaka wa chini unawekwa na mawimbi. Kwa mawimbi yaliyo mbali juu ya frikwensi ya mkato, yaani frikwensi ambapo chujio huanza kupunguza kwa dhahiri, chujio hugawanya kimo chake kwa takriban `2π · tau / kipindi`. Tukitaka sentimita 40 zibaki sentimita 1, tunahitaji kugawanya kwa 40, na kwa kipindi cha sekunde 6 hilo hudai tau ya sekunde 38 au zaidi.

Mpaka wa juu unawekwa na maji yenyewe. Chujio hili linapofuata kitu kinachopanda kwa kasi isiyobadilika, hubaki nyuma yake kwa takriban kasi hiyo mara tau. Maji yenye nusu-kimo cha mita 1.5 hupanda kwa kasi kubwa zaidi katikati ya kujaa, yaani `2π · 150 / 745`, ambayo ni sentimita 1.27 kwa dakika. Ikiwa tunavumilia kubaki nyuma sentimita 2, tau haipaswi kuzidi sekunde 94 hivi. Kati ya 38 na 94, nachagua 60.

Frikwensi ya mkato sasa hupatikana yenyewe: `1 / (2π · 60)`, yaani hezi 0.00265, au mzunguko mmoja kwa sekunde 377. Hapo ndipo kimo cha mawimbi hubaki asilimia 70.7, si pale kinapotoweka. Jambo hili huwapotosha wengi: anayeona mawimbi ya sekunde 6 na kuweka mkato papo hapo atabakiwa na zaidi ya theluthi mbili ya mawimbi yale yale, kwa kuwa chujio la daraja la kwanza huteremka taratibu, likipunguza kimo kwa nusu kila frikwensi inapoongezeka maradufu.

Hatua ya pili: pata `a` kutoka kwa tau

```c
float a = 1.0f - expf(-T / tau);
```

Hapa `T` ni muda kati ya usomaji mmoja na unaofuata. Kwa `T` ya sekunde 1 na `tau` ya 60, `a` ni 0.0165. Kwa chujio hili wimbi la sentimita 40 hutoka likiwa na sentimita 0.67. Ukibadilisha `T`, hesabu upya. Ukiiacha `a` ile ile huku ukisoma kila sekunde 5, tau yako imekuwa dakika 5 bila wewe kuamua.

Hatua ya tatu: anza na usomaji wa kwanza

Weka `y = x` mara moja kabla ya mzunguko kuanza. Ukianza na sifuri wakati kihisi kinasoma sentimita 250, chujio litahitaji dakika tano na nusu kuikaribia thamani ya kweli kwa sentimita 1, na kipande hicho cha mwanzo kitaonekana kwenye grafu kama maji yaliyojaa au kupwa kwa ajabu.

Hatua ya nne: lipime kwa ubao

Subiri tokeo litulie, tuseme kwenye sentimita 320, kisha telezesha ubao mpana chini ya kihisi, umbali wa sentimita 120, na uushike bila kuutikisa. Usomaji ghafi utaruka papo hapo. Tokeo litaanza kwa kasi na kuendelea kwa ulegevu. Baada ya sekunde 60 linapaswa kuwa karibu na 194, na baada ya sekunde 180 karibu na 130, kwa sababu tau tatu hufikisha asilimia 95. Halipaswi kupita 120 na kurudi. Likifanya hivyo, kosa liko kwenye msimbo, kwani chujio hili halina uwezo wa kuruka mpaka. Likifika nusu ya mruko kwa sekunde 20 badala ya 42, kihisi chako hakisomi kila sekunde kama ulivyodhani.

Jaribio hili pia hufichua kosa la namba kamili. Kwenye kidhibiti kidogo wengi hukwepa desimali kwa kuandika `y += (x - y) / 64`. Mgawanyo wa namba kamili hukata mabaki, hivyo kila tofauti iliyo chini ya 64 hutoa sifuri na `y` husimama. Kwa vipimo vya sentimita, tokeo litabaki nyuma ya maji kwa zaidi ya sentimita 40, likiyaonyesha chini ya yalipo yanapojaa na juu ya yalipo yanapokupwa, na kilele cha grafu kitakuwa bapa. Dawa ni kuhifadhi mabaki ndani ya `s`, ambayo ni `y` mara 64:

```c
s = s + x - (s >> 6);   // int32_t, anza na x * 64
y = s >> 6;
```

Tau ya toleo hili ni sekunde 63.5, inayotufaa vilevile.

Mpaka ambao tau haiuvuki

Chujio huona tu kile kilichosomwa. Mawimbi ya sekunde 6 yakisomwa kila sekunde 5 hujitokeza kwenye namba kama mawimbi ya sekunde 30, na hata `a` ikihesabiwa upya kwa tau ya 60, sentimita 40 zitabaki sentimita 3.3. Yakisomwa kila sekunde 6 hasa, hugeuka kuwa kosa lisilosogea, ambalo hakuna tau itakayoliondoa. Kwa hiyo kama betri inakulazimisha kupunguza kazi, soma kila sekunde na kuchuja palepale kwenye kidhibiti, kisha tuma tokeo mara moja kwa dakika chache.