Jinsi ya kujua LUKU yako itaisha siku gani kwa kutumia Google Sheets

Programu za kulipia umeme kwenye simu zinajua jambo moja tu, yaani uniti ulizonunua. Hazijui zilizobaki. Mita nyingi za LUKU za majumbani hazina mawasiliano na TANESCO. Zinapokea tokeni ya tarakimu 20, zinaongeza uniti, basi. Salio limo ndani ya mita, na bila kwenda kulisoma hakuna programu itakayokuonya. Ndiyo maana kwenye nyumba ninazosimamia natumia Google Sheets, ambayo ni ya bure na hufanya kazi hata bila bando ukiwa umeruhusu faili lifunguke nje ya mtandao.

1. Andaa jedwali. Fungua faili jipya, na kwenye mstari wa kwanza andika: A Tarehe, B Salio la mita, C Uniti zilizoingizwa, D Matumizi kwa siku, E Siku zilizobaki, F Itaisha lini.

2. Soma mita. Chagua saa moja ya kusoma, mfano asubuhi kabla ya kutoka, na uishike hiyohiyo, kwa sababu jedwali linahesabu siku nzima. Namba ya kubonyeza ili kuona salio hutofautiana kati ya aina za mita, kwa hiyo kama huijui, muulize jirani mwenye mita kama yako au fundi aliyeifunga. Andika na desimali.

Usomaji wa kwanza unakaa mstari wa 2, hesabu zinaanzia mstari wa 3:

```
D3: =(B2+C3-B3)/(A3-A2)
E3: =B3/D3
F3: =A3+E3
```

Safu ya F ipe muundo wa tarehe, kisha nakili fomula hizo kwenye mstari mpya kila unapoandika usomaji.

Tuchukue nyumba yenye friji, televisheni na pasi. Tarehe 2 mita inasoma 41.6, tarehe 5 inasoma 28.1, na katikati hakuna tokeni iliyoingizwa. Zimetumika uniti 13.5 kwa siku tatu, sawa na 4.5 kwa siku. Zilizobaki zitafika siku sita na ushee, yaani umeme unakatika tarehe 11. Weka kikumbusho cha kalenda tarehe 8. Siku tatu hizo ni za mtandao kugoma na tokeni kuchelewa, mambo ambayo hupenda kutokea usiku.

3. Ukinunua. Kwenye C andika uniti pale tu tokeni ikishaingizwa kwenye mita, siyo siku uliyolipa, na uziweke kwenye mstari wa usomaji unaofuata baada ya kuiingiza. Tokeni iliyolala kwenye meseji haiwashi taa. Ukiona D imetoka hasi, ujue kuna tokeni iliyoingizwa bila kuandikwa, mara nyingi na mtu mwingine wa nyumbani. Ukiona #DIV/0! kwenye D, umesoma mara mbili siku moja. Na #VALUE! maana yake tarehe imeingia kama maneno. Utaitambua kwa kuwa imeegemea kushoto mwa kisanduku.

Hapa kuna jambo linalozua ugomvi na wauza LUKU wasio na kosa. Kwa mteja wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292, na ukijumlisha VAT 18%, tozo ya REA 3% na ya EWURA 1% inafika kama 356. Kwa hiyo 10,000 inatoa uniti 28 hivi. Lakini ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na 10,000 ileile inatoa kama 23.9. Usikadirie kwa pesa. Andika uniti zilizoandikwa kwenye risiti.

4. Tuliza wastani. Siku ya kupiga pasi nguo za wiki nzima inaweza kukutisha bure. Ukishakuwa na usomaji kadhaa, D7 iweke hivi, ichukue wastani wa vipindi vinne:

```
=(B3+SUM(C4:C7)-B7)/(A7-A3)
```

Wastani ukipanda wiki mbili mfululizo na hakuna kifaa kipya, zima kila kitu usiku, soma mita, na usome tena asubuhi. Salio likiwa limeshuka, ita fundi aangalie kama kuna umeme unaovuja au mtu aliyejiunga kwenye waya zako.

5. Maji. Hapa bili inakuja baada ya matumizi, kwa hiyo fungua ukurasa wa pili kwenye faili hilohilo: A Mwezi, B Usomaji wa dira, C Kiasi, D Namba ya kumbukumbu ya malipo, E Mwisho wa kulipa, F Siku zilizobaki.

```
F2: =E2-TODAY()
```

Weka rangi nyekundu F ikishuka chini ya 5. Safu ya B jaza mwenyewe kwa kwenda kuangalia dira siku bili inapoingia. Usomaji ulioandikwa kwenye bili ukizidi wa kwenye dira yako, huenda wamekukadiria. Piga picha ya dira uwapelekee mamlaka ya maji kabla hujalipa, wala usisubiri tarehe ya mwisho ipite.