Chumba baridi cha zabibu: piga hesabu ya saa za kuyeyusha barafu

Nimewahi kuitwa Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma mjini, kutazama chumba baridi cha zabibu. Mashine ilikuwa ikinguruma tangu alfajiri bila kupumzika, lakini kipimajoto kilisoma nyuzi 9 na vikonyo vya zabibu vilishageuka kahawia. Evaporeta, ile koili ya ndani yenye feni, nusu yake ya chini ilikuwa donge la barafu.

"Fundi alisema kilowati 4 za kupooza zinatosha," mwenye chumba akaniambia.

Tukakaa juu ya kreti, tukapiga hesabu. Chumba ni mita 4 kwa 4, kimo mita 2.5, kuta za paneli za sentimita 10. Kila siku anaingiza kilo 2,000 zenye joto la nyuzi 28, anataka zishuke hadi nyuzi 0. Kilo moja ya zabibu hutoa takriban kilojuli 3.7 kwa kila nyuzi moja inayoshuka, kwa hiyo mzigo huo peke yake ni kama kilowati-saa 58 kwa siku. Joto linalopenya kuta, dari na sakafu ni 13. Mlango, watu, taa, feni, pumzi ya zabibu zenyewe na joto la hita za kuyeyusha barafu tukayakadiria 19. Jumla 90, ukiongeza asilimia 10 ya tahadhari, 99.

Gawanya kwa 24 upate kilowati 4 na ushei. Fundi hakukosea kugawanya, alikosea saa. Koili ya chumba cha nyuzi 0 lazima igande, na ikiyeyushwa haipoozi. Nasi hatutaki kompresa ikimbie bila kupumzika. Kwa chumba cha namna hii mimi hugawanya kwa 18, nikapata 5.5. Kompresa nayo ichaguliwe kwa kiasi hicho, koili ikiwa nyuzi 5 chini ya sifuri.

Kwa nini 5? Koili ikiwa baridi mno kuliko chumba, hunyonya unyevu hewani, na hewa nayo huuchukua kwenye zabibu. Barafu uliyoiona kwenye mapezi, yale mabati membamba ya koili, sehemu yake ni uzito uliotarajia kuuza. Sasa angalia katalogi: nyingi huandika uwezo kwa tofauti ya nyuzi 8 kati ya hewa ya chumba na koili. Kwa tofauti ya 5, koili iliyoandikwa kilowati 8.8 ndiyo itakupa 5.5. Ni kubwa na ghali zaidi, lakini mimi singepunguza hapo. Mapezi yake yaachane milimita 4 hadi 6, yasizibwe upesi.

Anza na kuyeyusha mara 4 kwa siku, kila mara kama dakika 30, kompresa na feni zikiwa zimezimwa. Hita zikizima, acha maji yadondoke dakika chache. Kompresa iwake kwanza, feni ifuate koili ikishapoa, vinginevyo itapuliza mvuke na matone juu ya kreti. Chungulia koili mara baada ya hapo. Ikibaki barafu chini tu, kagua kwanza bomba la kutolea maji kabla ya kuongeza dakika.